Jumamosi tunaenda kuonja chakula cha harusi kabla ya kulipa malipo ya awali. Tuangalie nini?

DadaWaBibiharusi

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu anaolewa, wageni ni 200, na suala la chakula nimekabidhiwa mimi. Tumechuja wapishi wa shughuli hadi akabaki mmoja, na Jumamosi ametualika watu wanne kwenda kuonja kabla hatujamlipa malipo ya awali. Mlo ni bufe ya mchana: wali, viazi vya kuoka, kuku wa kuoka, nyama ya ng'ombe ya mchuzi, samaki wa kukaanga, mboga za majani na saladi. Anasema siku hiyo atakuja na wahudumu 12.

Ninachohofia ni kufika pale, tukaketishwa vizuri, tukaletewa sahani zilizopambwa, tukasema "kitamu" na kusaini. Sahani nne zitaniambia nini kuhusu sahani 200? Naomba kujua niombe kuonja nini hasa, niulize nini kuhusu usafi wa jikoni, na nitapimaje kama hao 12 wanatosha. Waliowahi kufanya kazi hizi nitawashukuru zaidi.

Kijiko_Mkononi

Dada, usijichoshe. Onja vyote vilivyo kwenye menyu, usikubali kuonjeshwa nusu. Usafi angalia mikono tu: kama wamevaa glovu na kofia, wako sawa. Wahudumu kanuni ni mmoja kwa wageni 25, kwa hiyo 200 wanahitaji 8. Ukiletewa 12 umezidishiwa, shukuru.

SufuriaKubwa

Mleta uzi, hofu yako ni ya msingi. Nimesimamia jiko la shughuli kwa miaka mingi, na nitakwambia kitu ambacho mpishi hatakwambia mwenyewe: siku ya kuonja unapewa chakula kilichotoka jikoni dakika tano zilizopita. Siku ya harusi hakuna mgeni atakayekula chakula cha namna hiyo. Kitapikwa, kitapakiwa, kitasafirishwa, kitamiminwa kwenye vile vyombo vya bufe vyenye maji na moto chini yake, halafu kitasubiri maharusi wamalize kupiga picha. Kati ya kuiva na kuliwa, saa moja na nusu ni kawaida kabisa, na mbili si ajabu.

Kwa hiyo mpigie simu leo, usingoje Jumamosi. Mwombe apike chakula chenu kiive saa moja na nusu kabla ya kufika kwenu, akiweke kwenye vyombo vilevile atakavyotumia ukumbini, na moto uwe umewashwa. Mkifika, kila mmoja apewe kijiko kutoka humo. Akitaka kuwapa pia sahani ya moto moja kwa moja kutoka jikoni, sawa, ila sahani utakayoitolea uamuzi ni ile iliyosubiri.

Katika menyu yako kuna vyakula vitakavyostahimili kusubiri na vingine havitastahimili. Nyama ya mchuzi itakaa bila shida, pengine itakuwa nzuri zaidi. Kuku inategemea: paja na mguu vina mafuta zaidi na vinavumilia, kidari kinakauka na kuwa nyuzinyuzi. Uliza umepangiwa sehemu gani. Mboga za majani zikikaa kwenye joto zinapoteza ukijani na kugeuka rangi ya zeituni, na hapo zimeshalainika kupita kiasi. Wali unakauka pembeni na kushikana katikati. Samaki wa kukaanga ndiye mwenye matatizo makubwa kuliko wote, kwa sababu ukimfunika, mvuke wake mwenyewe unarudi kulainisha ule ukoko. Usipomfunika anapoa. Hakuna ufundi wa kumwokoa ndani ya chombo kilichofunikwa.

Ndugu yangu Kijiko, hapo ndipo sikubaliani na "onja vyote". Watu wanne wakila vyakula saba, wanashiba na kufurahi, na aliyeshiba anasamehe mengi. Dada, tumia muda wako kwa wali, kuku, samaki na mboga. Saladi itazame tu kama imemwaga maji chini, na uulize kiungo chake cha kuchanganyia kinatiwa saa ngapi. Jibu unalolitaka ni kwamba kinatiwa dakika za mwisho au kinawekwa pembeni.

Karafuu88

Nafuatilia huu uzi. Ila kuna jambo, hata akikubali kupika mapema, si bado atakuwa amepika sufuria ndogo ya watu wanne? Wali wa sufuria ndogo kila mtu anaweza.

SufuriaKubwa

Karafuu umegusa penyewe. Kuonja hakuwezi kukuonyesha hilo, ni mpaka wa zoezi lenyewe. Sufuria kubwa ya wali inajikandamiza kwa uzito wake, wa chini unakuwa bokoboko wakati wa juu bado una kiini. Unachoweza kufanya ni kuuliza: wali wa watu 200 unaupika kwa sufuria ngapi? Akikwambia sufuria moja kubwa, tilia shaka. Akikwambia kwa awamu tatu au nne, na awamu ya mwisho inaiva karibu na muda wa kula, huyo amewahi kupata tabu na akajifunza.

Njia nyingine ni kumwomba akupeleke kwenye shughuli nyingine anayoihudumia, usimame nyuma uangalie na uonje kidogo.

Mzee_wa_Ratiba

Hapo kwenye kwenda shughuli za watu mimi sikubaliani. Wenye shughuli wamelipa chakula kwa hesabu ya wageni wao. Wewe unakwenda kula sahani ya mtu na kuchungulia harusi ya watu usiowajua? Mpishi anayekuruhusu leo kuingia kwa mwenzio, kesho ataingiza mtu kwako.

SufuriaKubwa

Mzee wangu, ni kwa idhini ya mwenye shughuli, na mtu anabaki upande wa jikoni. Lakini nakuelewa, wapo wanaoona si adabu.

Mzee_wa_Ratiba

Hata kwa idhini. Mwenye shughuli siku hiyo ana mambo mengi, akiombwa atasema ndiyo ili aachwe apumue.

MpishiChipukizi

Habari wakubwa. Na mimi nina swali hilohilo: mteja akija kuonja nimpe vyakula vingapi bila malipo? Maana wapo wanaokuja na familia nzima, wanakula, wanabeba na vya kupeleka nyumbani, halafu hawarudi. Nilikuwa nafikiria niwatoze.

Kijiko_Mkononi

Mkuu, mleta uzi ni mteja, si mpishi.

SufuriaKubwa

Kijana, umeingia kwa mlango mwingine ila swali lako lina maana. Watoze, na ukipewa kazi kata kiasi hicho kwenye bei yake. Mteja aliyelipia kuonja anakuja na watu wachache na maswali mengi, na hiyo ni faida kwako. Kwa dada pia: ukilipia, unaweza kudai chakula kisubiri saa moja na nusu bila kuona haya.

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Naomba niongelee usafi, kwa sababu hilo la glovu linanisumbua. Glovu hailindi chakula yenyewe. Mtu mwenye glovu akishika kuku mbichi, akafungua friji, akajifuta kwenye aproni kisha akakata nyanya, amesambaza uchafu uleule na hata hahisi mkono wake umelowa. Mimi ningefurahi zaidi kumwona mhudumu asiye na glovu anayenawa kwa sabuni kila anapobadilisha kazi.

Swali la kwanza nisingeuliza "mnazingatia usafi?" maana hakuna atakayesema hapana. Ningeuliza: siku ya harusi, pale ukumbini, wapishi wako watanawa wapi? Kumbi nyingi hazina bomba karibu na sehemu ya kupakulia. Mpishi aliyejipanga atakujibu bila kufikiri: tunakuja na madumu yenye bomba, sabuni, taulo za karatasi na ndoo ya maji machafu. Asiyejipanga ataanza kukueleza jinsi wahudumu wake walivyo wasafi.

La pili, mhudumu akiharisha au kutapika anafanywaje? Anatakiwa akae mbali na chakula hadi zipite saa 48 tangu dalili ziishe. Kujisikia nafuu peke yake hakutoshi. Uliza akikosa watu wawili ghafla anatoa wapi wengine, kwa sababu bosi asiye na watu wa akiba ndiye anayemwambia mgonjwa "njoo tu, ujikaze".

La tatu ni joto. Chakula cha moto kikae juu ya nyuzijoto 60, cha baridi kiwe 5 au chini yake. Katikati ya hapo vijidudu vinazaliana. Jumamosi mwombe kipimajoto cha kuchoma kwenye chakula. Kama hana, au anakitafuta kabatini, hapo una jibu lako. Kama anacho, kitumbukizeni kwanza kwenye glasi iliyojaa vipande vya barafu na maji kidogo. Kikisoma sifuri au karibu na hapo, kinaaminika.

Kijiko_Mkononi

Muuguzi, nakubali kuhusu glovu. Lakini hilo la joto naona mnalikuza. Chakula kikipoa si unakichemsha tena kwa nguvu? Moto unaua kila kitu.

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Unaua vijidudu vingi, hilo uko sahihi. Tatizo ni sumu ambazo baadhi ya vijidudu wanaziacha kwenye chakula. Chukua wali. Kwenye mchele mbichi kuna mbegu za bakteria anayeitwa Basilasi sereasi, na mbegu hizo zinavumilia kuchemshwa. Wali ukiiva na kuachwa mezani ukapoa polepole, mbegu zinaamka, bakteria wanazaliana, na wanatoa sumu inayosababisha kutapika. Sumu hiyo haiharibiwi na kupasha. Utaupasha ukatoa mvuke, utakula ukiwa wa moto kabisa, na bado utaumwa. Kwenye mikono yenye jipu au kidonda kuna bakteria mwingine ambaye sumu yake nayo inavumilia moto.

Kwa hiyo kupasha hakufuti kilichotokea jana yake. Ndiyo maana nauliza kilipikwa lini, na kilipoozwa vipi.

SufuriaKubwa

Naongezea hapo kwa Muuguzi, kwa upande wa jiko. Kupika nyama siku moja kabla si dhambi, jiko linalohudumia watu 200 mara nyingi halina namna. Shida ni pale nyama inapoachwa ipoe ndani ya sufuria yake kubwa usiku kucha. Katikati ya sufuria ile inabaki vuguvugu kwa saa nyingi sana, hata ukiisukuma kwenye friji. Inatakiwa imwagwe kwenye trei pana, kina kisizidi vidole vitatu, ishuke kutoka nyuzijoto 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha ifike 5 ndani ya saa nne nyingine.

Dada, muulize hivi: "Nyama ya mchuzi utaipika lini, na ikishaiva unaiweka wapi?" Nyamaza usikilize. Akitaja trei, friji na saa, sawa. Ukiona macho yameanza kuhangaika, omba akuonyeshe friji. Friji iliyojaa hadi mlangoni haipoozi kitu.

Na kosa nililoliona sana: chakula kinatolewa baridi, kinawekwa kwenye chombo cha bufe ili kipate moto pale mezani. Vile vyombo vimetengenezwa kutunza joto tu, kupasha haviwezi. Kinapaswa kiingie kikiwa kimeshapashwa hadi nyuzijoto 74 au zaidi.

Mama_wa_Pacha

Samahani naingilia. Mwanangu mmoja ana mzio wa karanga, akila hata kidogo anavimba midomo. Tunaalikwa sherehe nyingi na huwa namlisha nyumbani kabla ya kutoka, lakini anakua sasa, anaona wenzake wanakula. Nikimwambia mpishi "msiweke karanga" inatosha?

SufuriaKubwa

Haitoshi mama. Wanaweza wasiweke karanga kwenye chakula chake, lakini kijiko kilichochota mchuzi wa karanga kikaingia kwenye wali, au samaki wake akakaangwa kwenye mafuta yaliyokaanga kitu chenye karanga. Kwenye bufe vijiko vinahama vyombo, wageni wenyewe ndio wanaovihamisha. Kinachofaa ni sahani ya mtoto kupikwa kwanza kabla jiko halijachafuka, kwa vyombo vilivyooshwa, ifunikwe, iandikwe jina, na aikabidhi mtu mmoja anayejulikana. Asipangwe foleni kabisa.

DadaWaBibiharusi

Asante Mama wa Pacha, umenikumbusha, nitawauliza wageni wetu pia wenye mzio. Wakuu, sasa nisaidieni kwenye wahudumu. Kijiko anasema 8 wanatosha.

SufuriaKubwa

Kijiko hajabuni, hiyo kanuni ya mmoja kwa 25 hadi 30 ipo. Ila imewekwa kwa bufe ambayo mgeni anajipakulia mwenyewe na mhudumu kazi yake ni kuondoa sahani na kuongeza maji. Wageni wakiwa wanahudumiwa mezani wameketi, utahitaji mmoja kwa kila 10 hadi 15. Shughuli nyingi ziko katikati: kuna foleni, lakini nyama inapakuliwa na mhudumu ili isiishe kabla wa mwisho hajafika. Hapo kanuni haitakusaidia, hesabu kazi zenyewe.

Anza na foleni, maana ndiyo wageni wanayoikumbuka. Jumamosi mwombe apange meza kama atakavyopanga siku yenyewe na awaweke wahudumu wake, halafu ninyi wanne mpite mkifuatana, kisha mpite tena bila kusimama. Mmoja ashike saa ya simu, apime mtu anatoka mwisho wa meza kila baada ya sekunde ngapi. Zidisha kwa 200. Foleni haiendi kwa kasi ya wastani, inaenda kwa kasi ya chombo kinachochelewesha kuliko vyote, kwa hiyo angalia watu wanasimama wapi.

Swali la pili, na hili usilisahau: hao 12 ni akina nani? Wengine wanahesabu wapishi, dereva na mwosha vyombo.

DadaWaBibiharusi

Wakuu, nimerudi. Tumeonja, na nawaeleza yote kwa sababu mmenisaidia sana.

Alikubali kupika mapema nilipomwambia tutalipia. Nyama ya mchuzi ilikuwa nzuri kuliko matarajio. Kuku walikuwa mapaja, walibaki laini. Wali ulikauka ukingoni lakini katikati ulikuwa sawa, na alisema mwenyewe anapika kwa awamu nne. Mboga zilikuwa zimechoka. Nilipomuuliza akasema siku ya harusi atazileta zikiwa nusu mbivu na kuzimalizia ukumbini kwa sufuria ndogondogo, jambo ambalo nimeliandika. Samaki, SufuriaKubwa ulisema kweli. Sahani ya kutoka jikoni ilikuwa na ukoko unaolia, na yule wa kwenye chombo alikuwa ameloa kabisa.

Kipimajoto alikuwa nacho mfukoni. Kwenye barafu kilisoma 0. Mchuzi ulikuwa 71, wali 64, lakini kuku alikuwa 52. Alishtuka, akafungua chini, kumbe ile kopo ya jeli ya moto ilikuwa imezimika. Hakujitetea, alimwita kijana wake na kumuuliza nani anakagua moto. Mume wangu anasema hilo peke yake lingetosha kumkataa. Mimi niliona namna alivyolipokea na nikatulia kidogo. Mnaonaje?

Kuhusu nyama alijibu kuhusu trei na friji bila kusita, na friji alituonyesha, ilikuwa na nafasi. Kuhusu kunawa ukumbini hakuwa na jibu zuri, alisema "tutatumia bomba la vyooni".

Foleni sasa. Tulikuwa tunatoka mmoja kila sekunde 18. Tulisimama palepale kila mara: mhudumu mmoja alikuwa na kuku na nyama, na alikuwa anauliza kila mtu anataka ipi. Sekunde 18 mara 200 ni saa nzima.

Na wahudumu 12? Nilipouliza mmojammoja, 5 ni wapishi na waoshaji. Waliobaki mbele ya wageni ni 7.

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Bomba la vyooni hapana, dada. Hilo ni sharti: madumu yenye bomba na sabuni kando ya sehemu ya kupakulia, au hakuna mkataba. Kuhusu kuku wa 52, kama moto ulizimika muda mfupi hakuna aliyedhurika, ila mumeo ana haki ya kuwa na wasiwasi. Swali ni nani anapima siku hiyo na kila baada ya muda gani. Mimi ningetaka kila chombo kipimwe kila nusu saa na namba iandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa.

Mzee_wa_Ratiba

Namuunga mkono mume. Siku ya kuonja mtu anajiandaa kuliko siku zote. Moto ukizima mbele ya watu wanne, mbele ya 200 itakuwaje?

SufuriaKubwa

Mzee, jeli zinazimika, hata kwenye majiko mazuri. Kopo moja inaweza kuwaka saa mbili, nyingine saa sita, inategemea aina. Mimi ningemuuliza anatumia za saa ngapi na anakuja na za akiba ngapi. Lakini sitasema mume amekosea, huo ni uamuzi wao wawili.

Tuhesabu watu. Dada, tenganisha kuku na nyama, kila kimoja na mhudumu wake, uone foleni inavyobadilika. Mara nyingi inashuka hadi kama sekunde 12 kwa mtu. Mara 200 ni dakika 40. Ukiweka meza mbili zinazofanana, kila moja inahudumia wageni 100, na wa mwisho anapata chakula ndani ya dakika 20. Kila meza inahitaji mmoja wa wali na viazi, mmoja wa kuku, mmoja wa nyama, mmoja wa samaki. Mboga na saladi wajipakulie. Hao ni 8. Wawili wa kukimbia kati ya jiko na meza kubadilisha vyombo, maana mhudumu wa foleni akiondoka kufuata wali, foleni yote inasimama. Wanne wa kuzunguka ukumbini na maji na kukusanya sahani wakati watu wanakula. Msimamizi mmoja asiyeshika kijiko, na huyo ndiye nitakayempa kipimajoto.

Jumla 15 mbele ya wageni. Foleni ikiisha, wale 8 wanahamia ukumbini kukusanya vyombo, kwa hiyo huhitaji kuongeza. Wewe una 7. Kijiko, naamini unaona ni kwa nini 8 wasingetosha.

Kijiko_Mkononi

Nimekubali kuhusu meza mbili. Ila bado naona wanne wa kuzunguka ni wengi, wageni wengine wanaweza kujichukulia maji.

DadaWaBibiharusi

Nimempigia. Amekubali wahudumu 15 bila kuwahesabu wapishi, meza mbili, madumu ya kunawia na karatasi ya joto, na bei imepanda kidogo, tumeielewa. Nimemwambia yote yaandikwe kwenye mkataba kabla sijalipa, pamoja na jina la mpishi aliyetupikia Jumamosi kwamba ndiye atakayekuwepo. Hapo kwenye jina anasitasita, anasema atajitahidi. Bado tunavutana.

Limebaki la samaki. Nilitaka kumtoa au kumfanya wa mchuzi. Mama amekataa katakata, anataka wa kukaanga. Kuna njia?

MpishiChipukizi

Akaangwe palepale ukumbini si itawezekana?

SufuriaKubwa

Inawezekana, kijana, na ndiyo njia pekee ninayoiamini. Lakini fanyeni hesabu. Karai moja likichukua vipande 15 kwa dakika 7, vipande 200 ni awamu 14, karibu dakika 98. Kwa karai moja utaanza kukaanga saa nzima na zaidi kabla, na tumerudi kwenye ukoko uliolowa. Makarai mawili yanamaliza ndani ya dakika 50 hivi. Foleni yako ni ya dakika 20, kwa hiyo aanze nusu saa kabla ya kufungua meza, avipange vipande kwenye waya bila kuvifunika, na aviingize kwenye chombo kidogo kidogo, visirundikane. Samaki mbichi akae kwenye boksi la barafu hadi dakika ya kukaangwa, si kwenye beseni kando ya moto. Na muulize mwenye ukumbi kama anaruhusu mafuta ya moto nyuma ya jengo, kwa sababu wengine hawaruhusu.

DadaWaBibiharusi

Nampigia mwenye ukumbi sasa hivi. Akikataa, itabidi nikae na mama.